Mpishi jamvini, bwana harusi jikoni: kutafuta kasoro katika kichekesho cha harusi

Kichekesho cha mtu kudhaniwa ni mwingine kinapokwama, mwandishi hukimbilia kuongeza vituko. Analeta mlevi, analeta mbuzi aliyekata kamba, na watu bado wamekaa kimya. Ukitafuta kwa makini utaona kasoro iliingia mapema, ukurasa wa pili au wa tatu, na pale ukumbi uliponyamaza ndipo ilipojitokeza tu. Kwa hiyo nitafanya kama fundi: nitaanza na dalili, yaani kile unachokisikia kwa watazamaji, halafu nitarudi nyuma hadi kwenye chanzo. Nitatumia kisa kimoja mwanzo hadi mwisho, ambacho nimekiandika na kukiandika upya mara nyingi.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijijini Kisarawe kuna harusi. Bibi harusi ni Mzaramo, baba yake amefariki, na walii wake ni baba mdogo. Bwana harusi ni Mnyamwezi anayefanya kazi Dar es Salaam, anaitwa Saidi. Watu wa nyumba ya bibi harusi, isipokuwa binti mwenyewe, hawajawahi kumwona, kwa sababu posa yote ilipelekwa na mshenga. Mpishi aliyekodiwa na mshenga huyohuyo naye anaitwa Saidi. Mshenga ametuma ujumbe mmoja: "Saidi wa shughuli atafika saa saba, mpokeeni vizuri." Kisha basi alilopanda pamoja na jamaa wa Tabora linaharibika Chalinze, na simu yake inazima.

Saa saba anafika mpishi. Ametoka msikitini, kavaa kanzu safi na kofia. Saa nane anafika bwana harusi kwa bodaboda, mwekundu kwa vumbi, kwenye suruali na shati, kwa kuwa mfuko wake wenye kanzu na pesa ameusahau kwenye daladala Gongo la Mboto. Wa kwanza anawekwa kwenye jamvi. Wa pili anaonyeshwa njia ya uani na kukabidhiwa mwiko.

Dalili: watazamaji wananong'ona, "Si aseme tu?"

Huu ndio ugonjwa unaoua michezo mingi, na unaweza kuupima bila hadhira. Chukua kila mhusika aliyekosewa, umwulize: ukisema kweli sasa hivi, utapoteza nini? Akikosa jibu, watazamaji watalikosa pia, na kuanzia hapo watamwona mjinga. Mjinga huchekesha mara moja tu.

Katika rasimu yangu ya mwanzo mpishi alinyamaza kwa haya na bwana harusi alinyamaza kwa sababu ni mpole. Haya na upole ni tabia, na tabia haiwezi kumfunga mtu mdomo kwa saa tatu. Ilibidi niwape haja. Mpishi nikampa kosa la siri: amepokea malipo ya nusu kwa harusi mbili za siku moja, na harusi ya pili amemwachia kijana wake anayejifunza. Mtu asiyemjua akimsogelea na kumwuliza kwa sauti, "Wewe ndiye Saidi wa shughuli yetu?", anajibu ndiyo upesi, na hataki maswali zaidi. Bwana harusi nikampa hasara: katika mfuko uliopotea ilikuwamo nusu ya mahari aliyoahidi kuikamilisha kabla ya nikahi. Anajua kaka yake yuko kwenye basi na anaweza kumwokoa. Kwa hiyo anapoitwa jikoni bila kuulizwa habari za mahari, anashukuru Mungu na kuanza kukuna nazi.

Tazama kilichotokea. Kila mmoja sasa ana faida ya kubaki pale alipowekwa kwa makosa. Hapo ndipo kichekesho kinapata injini.

Na umri wao uwe mmoja. Ukimfanya mpishi awe mzee wa miaka sitini, utatumia dakika kumi kueleza kwa nini hakuna aliyeshangaa.

Dalili: wahusika wanaongea kwa mafumbo, na unasikia mwandishi anavyolazimisha

Mazungumzo ya maana mbili ndiyo nyama ya kichekesho hiki, na sharti lake ni gumu: kila sentensi iwe kweli tupu kwa yule anayeisema, na iwe kweli tupu vilevile kwa yule anayeisikia, ila kwa jambo jingine. Mhusika akisema neno ambalo mtu wa kazi yake asingelisema, uongo unaonekana. Mpishi hawezi kuita kazi yake "tendo" au "ile shughuli ya usiku" ili tu watu wacheke. Aseme maneno ya upishi na baba mdogo aseme maneno ya ndoa, kisha tafuta mahali maneno hayo yanapokutana.

Mimi niliyakuta yanakutana kwenye pesa. Mahari ni laki tatu, imetolewa laki na nusu. Malipo ya mpishi nayo ni laki tatu, na amepewa laki na nusu. Tarakimu ni zilezile, na kila upande unamdai mwenzake:

"Karibu sana, mwanangu. Safari njema?"

"Njema, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa, tusizunguke. Ile nusu iliyobaki."

"Naam, mzee. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu, nikaona haya kulianza mimi."

"Usione haya. Ni haki."

"Ni haki kabisa. Na kawaida yangu, mzee, nusu inamalizwa kabla sijagusa kitu."

"Hiyo ndiyo adabu! Vijana wengine wanagusa kwanza."

"Wapo, mzee. Wanaharibu jina la wote."

"Basi, laki na nusu."

"Laki na nusu."

Wanatazamana. Kila mmoja anangoja mkono wa mwenzake uende mfukoni.

Kimya hicho kina kazi kubwa, usikijaze maneno. Baadaye baba mdogo anaweza kuuliza kama kazi hii anaiweza, na mpishi akajibu kwa fahari kwamba ameshashughulikia harusi zaidi ya mia mbili, na kesho ana nyingine Msata. Lakini mistari ya namna hiyo iwe michache. Nikizidisha mitatu, naona waigizaji wanaanza kukonyeza watazamaji, na mtu anayekonyeza hayuko tena hatarini.

Dalili: kituko kinazunguka mahali pamoja

Dalili hii hujificha, maana watu wanacheka vizuri tu, ila kicheko cha dakika ya ishirini ni sawa na cha dakika ya tano. Mama mdogo anampa mpishi chai akidhani ni bwana harusi. Shangazi anampa maji akidhani ni bwana harusi. Wifi anampepea kwa kipepeo akidhani ni bwana harusi. Kosa ni moja linalorudiwa na watu watatu.

Chanzo ni kwamba gharama ya kulisahihisha haijapanda. Kila tukio jipya lazima lifanye ukweli uwe ghali zaidi kuliko tukio lililopita. Katika kisa hiki mpishi kwanza anapokea kiti, na kiti unaweza kuinuka ukaomba radhi. Kisha anakula halua na kahawa iliyotengwa kwa ajili ya mgeni wa heshima. Hapo ana deni dogo. Kisha bibi mzaa mama wa bibi harusi, asiyetoka chumbani mwaka mzima, anatolewa nje akishikwa mikono ili amwone mjukuu mkwe kabla hajafa, na anamwekea mkono kichwani na kumwombea dua huku analia. Sasa mpishi aseme nini? Ngazi ya mwisho ni jamvi la nikahi lenyewe, mbele ya shehe na mashahidi.

Uani nako ngazi ipande kwa mwendo huohuo, la sivyo jukwaa litaegemea upande mmoja. Bwana harusi anaanza na nazi, na nazi haina madhara. Halafu anakabidhiwa mchele, kilo arobaini, wa watu wapatao mia tatu. Ni kijana wa mjini anayejua kuwa wali wa nazi unatumia tui, lakini hajui lipi linatangulia. Mpishi yeyote wa pwani atakwambia: mchele huivishwa kwa tui jepesi, na tui zito hutiwa mwishoni maji yanapokaribia kukauka, ndipo sufuria inafunikwa na kupaliwa makaa juu ya mfuniko. Yeye anatia tui zito mwanzoni, moto ukiwa mkali. Wanawake wa kijiji walioketi ukumbini watashika vichwa kabla mtu jukwaani hajasema neno, kwa sababu wanajua chini kunashika. Sufuria hiyo imekuwa saa ya mchezo wako, na moshi wake utauhitaji baadaye.

Dalili: mtu akisema kweli, mchezo unakwisha

Waandishi wengi wanauogopa ukweli. Wanaufukuza jukwaani kwa kila hila: mlango unagongwa, mtoto analia, mtu anakatizwa kila anapofungua kinywa. Kukatizwa mara moja kunakubalika. Mara ya pili watazamaji wanaona kamba inayovutwa na mwandishi.

Dawa ni kuuacha ukweli usemwe, tena mapema, kwa sauti, halafu usiaminike. Ili usiaminike unahitaji sababu iliyokuwapo kijijini kabla ya siku hiyo, na sisi tunayo ambayo waandishi wa kwingineko wangeitamani: utani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Utani wao unahusishwa na misafara ya karne ya 19, wapagazi wa Unyamwezi walipokuwa wakishuka na pembe za ndovu hadi pwani ya Bagamoyo na kupita katika nchi ya Wazaramo. Mtani ana ruhusa ya kufanya mambo ambayo kwa mwingine yangekuwa matusi. Msibani anaweza kuigiza marehemu, harusini anaweza kugoma, kudai, kukana, na mwenye kukasirika ndiye anayeonekana hana adabu.

Sasa mwache mpishi agundue. Amekwisha ombewa dua na bibi, anauliza jiko liko wapi, anaambiwa "mkwe haingii jikoni", na damu inamwisha usoni. Anasimama katikati ya jamvi:

"Jamani, nisikilizeni. Mimi siye bwana harusi. Mimi ni mpishi."

Kimya kidogo. Kisha baba mdogo anapiga goti kwa kicheko.

"Mnyamwezi huyu! Nilikuwa namngoja aanze!"

Jamvi zima linalipuka. Wanamjibu kwa utani wao, kwamba kama yeye mpishi basi wao wote ni wapagazi, awabebeshe mizigo hadi Tabora. Mpishi anaapa. Anapoapa wanacheka zaidi, kwa sababu mtani hodari haapi akicheka. Kwa kukata tamaa anafanya jambo ambalo lingemwokoa popote pengine: anaongea Kizaramo, lugha ya mama yake, ili waone kuwa hakutoka Tabora. Wazee wanatazamana kwa mahaba. Kajifunza na lugha yetu! Mahali hapa pana thamani kubwa kwangu, kwa sababu ushahidi wenyewe umegeuka sifa. Kila anachotoa kuthibitisha kweli kinaithibitisha ile dhana.

Utajua umefanikiwa kwa jambo moja: mtazamaji atamwonea huruma mpishi na papo hapo atakubali kwamba angekuwa baba mdogo naye asingeamini. Ukilikosa hili la pili, rudi mwanzo wa mchezo uupande utani mapema. Dakika tatu za mwanzo zitoshe: mtu mmoja wa kijiji awaonye wenzake kwamba "leo watani wanakuja, msiamini wanachosema." Mstari huo ukipita bila kuchekesha ni sawa. Kazi yake iko mbele.

Tahadhari moja. Utani una jozi zake. Ukimfanya bwana harusi Mnyakyusa kwa sababu tu umependa lafudhi yake, Wazaramo hawana cha kumcheka, na kicheko chao kitakuwa dharau. Kama mchezo wako uko Kilimanjaro, Wapare na Wachaga watakufaa. Pengine popote, waulize wazee kabla ya kuandika.

Dalili: mtazamaji anauliza habari za simu

Siku hizi picha ya bwana harusi ingefika kijijini mwezi mmoja kabla. Usijifanye simu hazipo, na usitegemee mtandao kukatika kila unapobanwa. Iache picha ifike. Niliiweka hivi: mshenga aliituma tangu posa, lakini ni picha ya harusi nyingine, vijana watatu wamesimama mbele ya masufuria, na chini ameandika "ni huyo wa kushoto". Kushoto kwetu au kushoto kwao? Mpishi yumo kwenye picha, kwa kuwa mshenga humkodi kila mara. Kifaa kilichotazamiwa kumaliza mkanganyiko kimeupa muhuri.

Dalili: kicheko kinageuka karaha

Hutokea ghafla, na huonekana kwanza kwa akina mama: wanaacha kucheka na kuanza kumtazama bibi harusi. Maana yake umevuka mpaka. Kosa la utambulisho linachekesha likiwaumiza wanaume waliolitengeneza, wenye siri zao na pesa zao. Likianza kumgusa binti asiye na habari, watu wanaona msiba.

Mpaka wenyewe ni nikahi. Nimesoma michezo ambamo mpishi anaozeshwa kabisa, kisha anafika mlangoni kwa bibi harusi na kudaiwa kifungua mlango na kiosha miguu. Mwandishi anadhani amepanda ngazi nyingine, kumbe ukumbi umeshatoka kwenye mchezo. Mmoja anawaza kama ndoa imesihi. Mwingine anakumbuka Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyotaka ridhaa ya hiari. Wote wanawaza chumbani. Msogeze mpishi hadi ukingoni kabisa mwa ijabu na kabuli, mkono wake ukiwa tayari ndani ya mkono wa shehe, lakini asitamke "nimekubali".

Na bibi harusi mpe macho. Katika rasimu niliyoridhika nayo yeye ndiye wa kwanza kujua. Anachungulia dirisha la uani, anamwona mchumba wake akihangaika na mwiko, na anaamua kunyamaza kidogo ili aone huyu mwanaume anafanya nini akiwa taabuni. Tangu hapo binti hawezi kuwa mwathirika, maana akitaka kuumaliza mchezo ataumaliza. Watazamaji wanajua hivyo, na wanacheka wakiwa salama.

Dalili: fumbuo limedondoka kutoka angani

Basi linafika, mshenga anashuka, anaeleza, wote wanafurahi. Ni sahihi na ni baridi. Mkanganyiko uliojengwa na watu walio jukwaani ufumbuliwe na kitu kilichokuwa jukwaani tangu mwanzo. Tazama ulichonacho: sufuria inayoungua, mpishi mwenye pua ya kazi yake, na walii. Kwa hilo la mwisho ilibidi nibadilishe chakula. Rasimu ya kwanza ilikuwa na pilau, kama harusi nyingi. Nikaifuta, nikaweka wali wa nazi, kwa ajili ya sekunde kumi hizi.

Shehe amemaliza khutuba. Baba mdogo ameinuka mara moja kwenda uani kumfokea "mpishi" mzembe. Moshi unaanza kuingia kutoka nyuma. Mpishi ananusa. Amevumilia kuitwa mkwe, amevumilia dua, lakini harufu ile inamchoma pahala pasipovumilika. Shehe anauliza:

"Walii yuko wapi?"

"Uko jikoni, shehe! Na unaungua!"

Mpishi amesikia "wali". Jamvi zima linajua kwamba walii kweli yuko jikoni. Wanaume wanainuka kwa kelele, "Baba mdogo anaungua!", wananyakua ndoo, mitungi, maji ya kutawadhia, wanakimbilia uani, na kila walichobeba kinamwagikia baba mdogo, bwana harusi na sufuria ya kilo arobaini.

Mpishi anafika wa mwisho akiwa amekunja kanzu. Hasemi kitu. Anamnyang'anya bwana harusi mwiko, anaondoa makaa juu ya mfuniko, anachungulia, anahamisha wali wa juu uliosalimika kwenye sufuria nyingine bila kugusa ukoko, anaitisha chumvi na majani. Mikono yake inakwenda kwa namna ambayo mtu haigizi. Baba mdogo, anachuruzika maji, anaitazama mikono hiyo. Kisha anageuka polepole kumtazama kijana wa pembeni, mwenye tui hadi nyusini.

"Na wewe ni nani?"

"Saidi, baba. Ile nusu iko njiani."

Taa zizimwe hapo. Kama una wimbo wa mwisho, uanze gizani, na muungurumo wa basi usikike kwa mbali.